Nataka kumnunua mshindani wangu wa mikate: Excel inasema milioni 826, yeye anataka 400. Nalipa?

Tanuri la Msamvu (#1)
Wakuu habari. Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Morogoro. Kuna mzee ana kiwanda kama changu upande wa Kihonda, na tumeuza sokoni pamoja miaka mingi. Sasa anataka kupumzika, amenifuata mwenyewe. Bei yake ni milioni 400 kwa biashara yote isipokuwa jengo, jengo atanipangisha.

Mauzo yake ni kama milioni 600 kwa mwaka, na daftari linaonyesha anabaki na milioni 96. Nilikata kodi nikaanza na 70 mwaka wa kwanza, nikapandisha mpaka 95 mwaka wa tano. Pesa ya kila mwaka nikaipunguza kwa asilimia 15 kwa mwaka ili nipate thamani yake ya leo. Kwa miaka ya baada ya hapo nikaweka ukuaji wa asilimia 6 bila kikomo. Jumla ikaja milioni 826.

Kwa hesabu hiyo 400 ni bei ya kutupa. Lakini nasita. Nimekosea wapi, au mzee hajui thamani ya mali yake?

Mwananyamala B (#2)
Mkuu chukua mkopo ulipe kesho asubuhi kabla hajabadili mawazo. Nusu bei!

Chuma cha Kilombero (#3)
Mambo ya Excel ni ya wasomi wa Mzumbe. Huku mtaani biashara ndogo inauzwa faida ya miaka mitatu, basi. 96 mara tatu ni 288. Mpe 280 mkae chini.

Mzee wa Hesabu (#4)
Mtoa mada, usilipe kwanza. Katika hiyo 826, miaka mitano uliyoikadiria inachangia kama 270 tu. Zilizobaki, 556, zinatoka kwenye mstari mmoja wa mwisho ulioandika "asilimia 6 bila kikomo". Kwa maneno mengine, theluthi mbili ya bei unainunua kwenye miaka ambayo hujaitazama hata mmoja mmoja.

Kabla ya kugusa huo mstari, nijibu maswali matatu. Mzee anajilipa mshahara? Jengo analilipia kodi ya pango? Kwenye hiyo 96, oveni na gari vimekatwa uchakavu?

Tanuri la Msamvu (#5)
Shukrani Mzee. Mshahara hajilipi, anachukua kwenye droo akihitaji, na hizo haziandikwi kama gharama. Jengo ni lake, halilipii. Uchakavu hakuna, ni daftari la mkono: yaliyoingia na yaliyotoka.

Bi Salma wa Vitabu (#6)
Basi hiyo 96 siyo faida ya biashara. Ni faida ya biashara ikichanganywa na jasho la mzee na jengo la mzee. Ukinunua, vyote viwili utaanza kuvilipia.

Mimi ni mhasibu, nimeshasafisha madaftari mengi ya aina hii. Weka msimamizi wa kweli, anayeamka saa nane usiku kusimamia unga unapokandwa. Kwa Morogoro tuseme milioni 24 kwa mwaka pamoja na michango yake. Pango tuseme 18. Sasa 96 imeshuka kuwa 54.

Toa uchakavu wa oveni, mashine ya kukandia na gari, tuseme 14. Inabaki 40. Hiyo ndiyo inayotozwa kodi, na kampuni inatozwa asilimia 30, yaani 12. Inabaki 28. Rudisha ile 14 ya uchakavu kwa sababu haikutoka mfukoni, unafika 42. Halafu toa pesa itakayotoka kweli: kila mwaka kuna kitu cha kubadilisha, nimeweka 16. Na ukikuza mauzo utaongeza unga stoo na mikopo kwa wenye maduka, weka 2.

Pesa huru ya mwaka wa kwanza ni 24. Wewe uliweka 70.

Mwananyamala B (#7)
Duh! Nafuta post namba 2.

Chuma cha Kilombero (#8)
Nakubali daftari lilihitaji kusafishwa. Sasa kanuni yangu inafanya kazi vizuri zaidi: 54 mara tatu ni 162. Mtaona mwisho mtarudi hapo hapo baada ya kurasa kumi.

Kipanga wa Mombasa (#9)
Huku kwetu Kenya nako watu husema mara tatu, mara nne. Swali langu kwako Chuma: mara tatu ya nini? Kuna jamaa alinunua duka la vipuri kwa "mara tatu", kumbe muuzaji alihesabu kabla ya pango na mnunuzi baada ya pango. Waligombana mwaka mzima. Kizidishio kinaficha maswali yale yale ambayo Bi Salma ameyaweka mezani.

Mzee wa Hesabu (#10)
Hesabu ya Bi Salma naikubali, ila ile 16 ya kubadilisha vifaa mtoa mada aihakiki kwa macho. Oveni ina umri gani? Kama inakaribia kufa, mwaka wa pili utatoa pesa nyingi kwa mkupuo.

Tuje kwenye asilimia 15. Umeitoa wapi?

Tanuri la Msamvu (#11)
Niliona hatifungani za Serikali zimewahi kulipa karibu na hapo. Nikasema pesa yangu nayo ilipwe hivyo.

Dogo Mkaguzi (#12)
Kweli, ile ya miaka 25 iliyoanza kuuzwa 2021 ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. 2022 zikatolewa nyingine za muda huo huo kwa 12.56. Lakini mkuu, hiyo ni riba ya kulala usingizi. Hakuna kuamka saa nane, hakuna gari kuharibika Mikese, hakuna unga kupanda. Ukiutumia mkate kiwango cha hatifungani, unasema oveni ya mzee ina uhakika sawa na Hazina.

Kiwango sahihi ni riba ya mkopo utakaochukua. Benki ikikupa kwa 18, tumia 18.

Mzee wa Hesabu (#13)
Dogo, nusu ya kwanza uko sawa kabisa. Nusu ya pili hapana. Benki inakupa kwa 18 kwa sababu imeshika hati ya nyumba yako. Mikate isipouzika, benki inauza nyumba na inapata chake. Wewe mwenye mtaji unabaki na nini? Anayelipwa wa mwisho hawezi kudai kidogo kuliko anayelipwa wa kwanza. Kwa hiyo pesa ya mwenyewe iwe juu ya riba ya mkopo, kisha uchanganye viwili kwa uzito wa kila kimoja.

Mimi ningeweka 22 kwa mchanganyiko huo. Kuna atakayesema 25, kuna atakayesema 30, na sina hoja ya kumpiga chini.

Ukuaji nimeweka asilimia 6 hivi ndani ya miaka mitano, kisha 4 kwa miaka yote inayofuata. Kwenye Excel, B2 hadi F2 ni 24, 25.5, 27, 28.5 na 30:

```
=NPV(22%,B2:F2)+F2*(1+4%)/(22%-4%)/(1+22%)^5
```

Inatoa kama milioni 140. Miaka mitano ni 76, inayobaki ni 64.

Angalizo moja: NPV ya Excel inaipunguza hata seli ya kwanza kwa mwaka mzima. Usiiweke bei unayolipa leo ndani ya mabano hayo, iweke nje. Nimeona watu wakiingiza malipo ya leo humo ndani, bei inaonekana nafuu kuliko ilivyo.

Tanuri la Msamvu (#14)
Kutoka 826 mpaka 140. Nimekaa chini. Lakini kwa nini ukuaji wa baadaye ni 4 na siyo 6? Morogoro inakua, watu wanaongezeka.

Mzee wa Hesabu (#15)
Kwa sababu ni wa milele. Mfumuko wa bei wetu miaka hii uko karibu na asilimia 3, kwa hiyo 4 tayari inasema kiwanda kitaongeza mikate halisi kila mwaka, bila kikomo, kwa oveni ile ile unayoibadilisha kidogo kidogo. Anayetaka 6 aongeze na pesa ya kununua oveni ya pili. Ukuaji haukui wenyewe. Makosa ya kawaida ni kupandisha mauzo ya milele huku umeacha ile 16 ya vifaa pale pale.

Mama Ntilie Mstaafu (#16)
Samahani wapendwa, hizi hisa za kiwanda cha mikate zinauzwa kwenye Soko la Hisa Dar au ni kwa dalali? Nami nina akiba kidogo.

Dogo Mkaguzi (#17)
Mama shikamoo. Hapana, hii siyo hisa ya sokoni, ni mtu anataka kumnunua jirani yake mkate kwa mkate. Akiba yako iache ilipo kwanza.

Mama Ntilie Mstaafu (#18)
Marahaba mwanangu. Haya, nasoma tu.

Pumba na Mashudu (#19)
Mimi nipo Mwanza, nauza chakula cha kuku. Niliwahi kununua kinu cha mshindani wangu kwa hesabu nzuri kabisa, kodi imekatwa, kila kitu. Mkataba ulitaja mashine, stoo na jina la biashara. Haukutaja kwamba muuzaji hataanzisha biashara hiyo tena. Haikupita miezi mingi akafungua kwa jina la mkewe, mtaa wa pili. Wateja walimfuata kwa sababu walikuwa wanamkopa yeye, siyo kinu. Ile "thamani ya miaka yote inayofuata" iliondoka na miguu yake.

Kwa hiyo mtoa mada, kabla ya asilimia 22 au 30, uliza: wateja ni wa nani? Na aahidi kwa maandishi, yeye na familia yake, eneo gani na miaka mingapi.

Kipanga wa Mombasa (#20)
Pole ndugu. Hiyo ndiyo sababu mimi sikubali "milele" kwa biashara inayomtegemea mtu mmoja. Ningehesabu miaka mitano, halafu mwishoni niuze vifaa. Tuseme oveni na gari vitaleta 60 mwaka wa tano. Kwa 22, hiyo leo ni kama 22. Ongeza kwenye 76 ya Mzee, unapata 98. Siongezi shilingi.

Bi Salma wa Vitabu (#21)
Kipanga, hapo umekuwa mkali mno. Kiwanda chenye soko hakifi mwaka wa tano kwa sababu tu jedwali limeisha. Kama mzee atakaa miezi sita kumtambulisha kwa kila duka, na akafungwa na mkataba kama alivyosema Pumba, kwa nini mwaka wa sita uwe wa kuuza vyuma?

Kipanga wa Mombasa (#22)
Kama, kama, kama. Hizo "kama" zinatakiwa kulipiwa zikitimia. Leo alipwe 98, zingine baadaye.

Chuma cha Kilombero (#23)
98, 140, 162. Si mnaona kanuni ya mtaani haiko mbali?

Dogo Mkaguzi (#24)
Chuma, nimejaribu viwango tofauti kwa jedwali la Mzee bila kubadilisha kingine. Kwa 18 inatoka 180. Kwa 30 inatoka 96. Kwa hiyo 162 yako imo ndani, lakini hata nikifunga macho nikataja namba nitaangukia humo. Kitu cha maana ni kwamba 400 haimo hata nikijitahidi.

Tanuri la Msamvu (#25)
Sawa, lakini nyote mnahesabu kama vile mnunuzi ni mgeni. Mimi ni mshindani wake! Gari langu na lake yanapita Kihonda, Mazimbu na Mji Mpya asubuhi ile ile. Nikiunganisha, gari moja linatosha. Unga nitanunua mwingi kwa bei nafuu. Nimekadiria naokoa milioni 20 kwa mwaka. Hizo mbona hazipo?

Bi Salma wa Vitabu (#26)
Swali zuri, na ndipo wengi hulipa kupita kiasi. Hesabu kwanza: 20 baada ya kodi ni 14. Mwaka wa kwanza hutaipata, utakuwa unapanga njia, unalipa mafao ya dereva unayempunguza, unabadilisha mifuko ya kufungia. Weka gharama ya mara moja 15. Ukianza kuokoa mwaka wa pili, bila kuikuza, kwa 22 hiyo hiyo, thamani yake leo ni kama 40.

Kwa hiyo kwako wewe kiwanda kina thamani 180, kwa mgeni 140. Lakini hiyo 40 inatokana na gari lako, njia zako na usimamizi wako. Ukimlipa mzee 180, umempa zawadi ya kazi utakayoifanya wewe. 180 ni dari yako, siyo bei.

Mwananyamala B (#27)
Na mnasahau faida kubwa kuliko zote: akishaondoka mshindani, unapandisha bei ya mkate! Shilingi 100 tu juu kwa kila mkate, hesabu zote zinabadilika.

Dogo Mkaguzi (#28)
Haiko hivyo. Kwanza Morogoro ina wengine, na malori ya mikate yanatoka Dar kila alfajiri. Pili, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza muungano unaojenga nguvu ya kuhodhi soko. Kwa ukubwa wao hawa hawalazimiki kupeleka taarifa Tume ya Ushindani, maana tangu 2017 kiwango ni bilioni 3.5 na wao wako mbali. Lakini kuweka ongezeko la bei kwenye jedwali ni kumlipa mzee leo kwa kitu ambacho mwoka mikate mpya mwenye oveni moja anaweza kukifuta.

Mzee wa Hesabu (#29)
Nami naongeza upande wa pili wa ushindani ambao hakuna aliyeugusa. Mwenye duka pale Kihonda kwa nini anachukua mikate ya mtoa mada na ya mzee pia? Kwa sababu siku gari moja lisipofika, rafu isibaki tupu. Ukiwa mmiliki wa yote mawili, atatafuta wa pili mwingine. Siyo kwa ubaya, anajilinda.

Tuseme wenye maduka wa aina hiyo wanapunguza sehemu moja ya kumi ya mauzo ya mzee, yaani milioni 60. Ukitoa unga, sukari, hamira na moto usivyotumia, mkate unakuachia kama asilimia 30. Hapo umepoteza 18, baada ya kodi 12.6. Pesa huru ilikuwa 24. Zaidi ya nusu imeondoka, kwa sababu pango, msimamizi na dereva hawapungui na mauzo.

Mtoa mada, ni maduka mangapi yanachukua kwenu wote wawili? Hiyo namba unayo wewe tu.

Tanuri la Msamvu (#30)
Sijawahi kuhesabu. Kwa haraka haraka, zaidi ya nusu ya maduka yangu yana mikate yake pia.

Pumba na Mashudu (#31)
Hapo ndipo pa kulala na kuamkia.

Bi Salma wa Vitabu (#32)
Mzee wa Hesabu, sikubaliani moja kwa moja. Akiacha majina mawili, mifuko miwili na siku mbili za gari, duka dogo litaendelea. Kwa ladha ni mikate miwili tofauti.

Mzee wa Hesabu (#33)
Akiacha magari mawili, ule uokoaji wa 20 unatoka wapi? Achague kimoja. Hawezi kuhesabu akiba ya gari moja na uaminifu wa magari mawili kwenye jedwali lile lile.

Bi Salma wa Vitabu (#34)
Hapo umenibana. Lakini akiba ya unga inabaki.

Dogo Mkaguzi (#35)
Je, ni kampuni au jina la biashara tu? Na ana madeni?

Tanuri la Msamvu (#36)
Ni kampuni, hisa zake na mwanawe. Anadaiwa na msambazaji wa unga milioni 22.

Dogo Mkaguzi (#37)
Kumbe. Ile 140 ni ya biashara kabla ya madeni. Ukinunua hisa, deni linakuja nawe, kwa hiyo hisa ni 118. Na madai ya zamani ya TRA, kama yapo, yanakuja pia hata kama leo hayajulikani. Ukinunua mashine, jina na orodha ya wateja peke yake, deni la unga linabaki kwake. Kwa daftari la mkono mimi ningekwepa hisa. Ongea na mshauri wa kodi kabla, maana umiliki ukibadilika zaidi ya nusu sheria ya kodi ya mapato ina yake.

Kipanga wa Mombasa (#38)
Na hayo mauzo ya 600 nani ameyathibitisha? Sisi sote tunajenga ghorofa juu ya daftari.

Bi Salma wa Vitabu (#39)
Thibitisha kwa unga. Mfuko wa kilo 50 unatoa mikate ya gramu 400 kama 170, wewe mwenyewe unajua zaidi. Akiuza kwa jumla 1,200, milioni 600 ni mikate 500,000, yaani mifuko kama 2,940 kwa mwaka. Omba risiti za unga, siyo daftari la mauzo.

Tanuri la Msamvu (#40)
Nimerudi wakuu. Nimekaa na mzee na risiti zake. Mifuko ya mwaka mzima ni 2,450. Ni mikate 416,500, kwa 1,200 ni kama milioni 500. Anasema unga mwingine hununua taslimu sokoni bila risiti, msambazaji akichelewa.

Chuma cha Kilombero (#41)
Hilo linawezekana kabisa. Kila mtu hufanya hivyo unga ukiadimika. Usimwone mzee mwongo.

Mzee wa Hesabu (#42)
Sijasema mwongo. Nasema lipa kwa mifuko 2,450. Iliyobaki ifungwe kwenye malipo ya pili: mauzo ya mwaka mmoja yakifika 600 chini yako, anaongezwa. Yeye ndiye anayejua kama ipo, basi abebe yeye hatari hiyo.

Bi Salma wa Vitabu (#43)
Na mauzo yasipofika 600 kwa sababu mtoa mada aliondoa gari moja? Mzee atakosa malipo kwa uamuzi ambao siyo wake. Ningepima kwa mifuko ya unga ya miezi mitatu ya mwanzo, kabla hujagusa njia.

Kipanga wa Mombasa (#44)
Miezi mitatu gani? Ikiangukia Ramadhani mikate inabadilika yote.

Tanuri la Msamvu (#45)
Asanteni sana. Jumamosi nazunguka na gari lake njia nzima, naandika kila duka na kama linachukua kwangu pia. Nitaleta orodha hapa.

Pumba na Mashudu (#46)
Na uandike nani anamkopa nani.